Barua ya Kumteremsha Boju

Neno la kwanza la Kinepali nililojifunza Doha lilikuwa "kha". Nililijua kabla sijaijua hata njia ya kwenda dukani. Chumba chetu kilikuwa mtaa wa Najma, juu ya duka la fundi wa saa, na tulikuwa sita ndani yake: mimi niliyetoka Kenya, Mganda mmoja, na Wanepali wanne. Wale wanne walipika pamoja wali na dengu, na achari kali ya kumtoa mtu machozi. Mmoja wao akiniona nimekaa kitandani natafuna mkate mkavu, alinisukumia sahani na kusema, "Kha, kha." Kula, kula. Nami nilikula. Neno linalokuja na chakula huingia kichwani bila mwalimu.

Kwa hiyo siku moja nikiwa lindoni Lusail, ambako wakati huo palikuwa na mchanga, vigingi na winchi chache, alikuja kwenye kibanda changu msimamizi wa Kinepali, mzee mwenye mvi na kofia nyeupe ya ujenzi. Jua lilikuwa kali. Nikaona nimwonyeshe mzee wa watu kwamba mimi si mgeni kabisa. Nikafungua pakiti yangu ya biskuti, nikamnyooshea, nikasema kwa sauti ya furaha, "Kha!"

Mzee aliitazama biskuti. Akanitazama mimi. Akaondoka bila kusaini kitabu cha wageni, na wiki nzima iliyofuata akawa anapita getini kama vile pale pameegeshwa pipa.

Nilimweleza jambo hilo mmoja wa wale Wanepali wanne, kijana aliyelala kitanda cha chini yangu. Yeye alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama saba, akiniita dai, yaani kaka mkubwa, nami nikimwita bhai, mdogo wangu. Tulizungumza mchanganyiko wa Kiingereza kibovu, Kiarabu cha sokoni na Kihindi cha sinema, na tulielewana vizuri kuliko watu wengi niliosoma nao.

"Dai! Umemwambia mzee 'kha'?"

"Si ndivyo mnavyoniambia kila siku?"

"Wewe ni wetu."

"Na yeye si wenu? Ni Mnepali!"

Bhai alijishika kichwa. Ndipo aliponifundisha, na kwa kuwa hatukuwa na ubao, alitumia chumba. Sakafuni, alisema, kuna *ta*, yaani "wewe" ya chini kabisa. Hapo ndipo anapokaa mbwa, mtoto mdogo, adui yako, rafiki yako wa kufa na kuzikana, na Mungu. Ukiwaambia wale, unasema "kha". Kitanda cha chini kuna *timi*, ya wenzako, wadogo zako na mkeo. Hao unawaambia "khau". Kitanda cha juu kuna *tapai*, ya wakubwa na wageni na kila usiyemjua: "khanus". Halafu akanyoosha kidole kwenye dari, karibu na kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji. "Huko juu ni ikulu. Mfalme na jamaa zake. Wao wanaambiwa 'khaibaksyos'."

"Yote hayo ni kula tu?"

"Kula, kuja, kulala, kupiga chafya. Kila kitendo kina mkia, dai, na mkia ndio unaomwambia mtu umemweka wapi. Na ukimtaja asiyekuwepo ni hivyohivyo."

Mganda, aliyekuwa akinyoa ndevu kwenye kipande cha kioo, alisema kwao mambo ni rahisi: ukimheshimu mtu unamfanya kuwa wengi. Amekuja mzee mmoja, unamwambia "mmekuja", yamekwisha. Mimi niliwaza kuhusu Kiswahili changu. Sisi kitenzi chetu hakina pa kumkalisha mzee. Tunamwamkia, tunainamisha kichwa, tunaongeza "naomba" na "tafadhali", lakini kula ni kula, awe chifu au mlevi wa sokoni. Kilichonishangaza zaidi ni ile sakafu. Kwamba mbwa na Mungu wanakaa pamoja.

"Neno moja la kumtukana mtu na kumpenda?" nilimuuliza.

"Moja," alisema bhai. "Atajuaje lipi? Atajua."

*

Nimeeleza hayo ili ieleweke jinsi shida ya bhai ilivyotushika wote mwaka ule.

Bhai alilelewa na nyanya yake, mama wa baba yake, katika kijiji cha mlimani mashariki mwa Nepal. Kwao nyanya huitwa boju. Mama yake alifariki bhai akiwa mdogo, na baba akafuata. Boju alibaki peke yake kwenye nyumba ya mawe na udongo, na nyuma ya nyumba hiyo mlima ulikuwa umepasuka. Masika ya mwaka uliotangulia, zizi la jirani lilikuwa limeteremka bondeni na nyati wawili wa kufugwa ndani. Watu walihama. Baba mkubwa wa bhai, aliyekuwa na nyumba mjini Dharan chini kwenye tambarare, alipanda mara kadhaa kumchukua mama yake, na kila mara alirudi mikono mitupu. Boju alikuwa ameshaamua kwamba mwanawe anaitaka ile ardhi aiuze. Alisema yuko tayari kuteremka na mlima, lakini si na mwanawe.

Mtu pekee aliyemsikiliza alikuwa bhai. Lakini bhai alikuwa Doha, na mkataba wake ulikuwa haujaisha.

Simu haikufaa. Ya karibu ilikuwa kwenye soko lililo mwendo wa siku nzima, na masikio ya boju yalitaka mtu asimame karibu na kupaza sauti. Alipelekwa huko mara moja, akashikishwa mkono wa simu, akausikiliza, akaurudisha kwa mwenye duka akisema, "Huyu si yeye. Ameazima sauti yake." Ilibaki barua. Boju hakujua kusoma, lakini mwalimu wa shule ya kijiji alikuwa akimsomea mtu yeyote barua uani kwake siku ya mapumziko, na majirani walikuja kusikiliza kama watu wanaokwenda kutazama mpira.

Basi barua ilipaswa kufika kabla ya mvua, na imtoe bibi kizee mkaidi nyumbani kwake. Hilo tu.

Bhai alikaa nayo Ijumaa mbili. Aliandika mstari, akafuta. Mwishowe alikiri kilichomkwamisha. Tangu azaliwe, boju alikuwa *timi* kwake, na wakikasirikiana au kubembelezana wanashuka wote wawili hadi *ta*. Ndivyo watu wa mlima wao wanavyoishi. Lakini barua ingesomwa mbele za watu, na mwalimu, mtu wa ukoo wa makuhani, ambako hakuna mzee anayeambiwa chini ya *tapai*.

"Nikiandika 'timi', watasema Qatar imenifanya mhuni," alisema. "Nikiandika 'tapai'..." Aliiweka kalamu chini. "Sijawahi kumwambia tapai. Sijui hata mdomo wangu ungekaaje."

Hapo ndipo alipoingilia Thuldai.

Thuldai maana yake kaka mkubwa kabisa, na ndivyo kila mtu alivyomwita, hata waliomzidi umri. Alikuwa mmoja wa wale wanne wa chumbani, mtunza stoo wa kampuni yetu, mtu mwembamba mwenye masharubu yaliyochongwa, na kabla ya kuja Doha alikuwa amekaa miaka mingi na meza yake ndogo nje ya ofisi ya ardhi ya wilaya, akiwaandikia watu maombi na mashtaka. Alijidai ukoo wake uliwahi kuoana na jamaa za ikulu. Mkewe, alisema, hajawahi kumwambia neno lisilo na *baksyos* mwishoni, hata siku alipomrushia sufuria.

"Mdomo ni mdomo, karatasi ni karatasi," Thuldai alisema, akivua miwani na kuifuta. "Uani unaweza kumwita boju unavyotaka. Lakini barua inasimama mbele ya ukoo mzima. Lete kalamu."

"Thuldai, yeye ni mtu wa kawaida sana," bhai alisema.

"Hakuna nyanya wa kawaida. Lete kalamu."

Mimi nilitaka kuingiza neno. Kwetu nyanya yangu aliniita mume wangu mpaka siku ya mwisho, nami nilimwita mke wangu mvivu, nikimdai chai na kumwambia nitaoa mwingine mwenye meno. Mtu akimfanyia heshima sana nyanya yake kwetu, nyanya huuliza amemkosea nini. Nikasema hivyo.

Thuldai alinigeukia taratibu. "Wewe ndiye uliyemwambia msimamizi 'kha'?"

Mganda, aliyekuwa tena ananyoa ndevu, alicheka mpaka povu la sabuni likamwingia mdomoni.

Barua ile Thuldai aliiandika mchana mzima, akiisoma kwa sauti kila aya, na Wanepali wengine wawili waliokuwa chumbani wakawa wanavuta pumzi kwa mshangao. Bhai alinitafsiria chini chini. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: Mjukuu mnyenyekevu, akiwa ameinamisha kichwa kwenye nyayo takatifu za bibi yake mtukufu, anawasilisha kwamba yeye huku yu mzima na anaomba kwa Mungu hali iwe hiyohiyo huko, na kwamba, kwa kuzingatia hali ya mlima, itakuwa hisani kubwa endapo bibi mtukufu ataridhia kuwapendeza watu wa tambarare kwa kuteremka kwake. Neno la kuteremka kwao ni *jhar*. Thuldai aliliandika *jharibaksyos*, akalipigia mstari kwa rula.

"Inapendeza," bhai alisema, kwa uso wa mtu aliyevalishwa suti ya mwingine. Akaipeleka posta.

*

Majibu yalikuja wakati joto la Doha lilikuwa limeanza kuuma shingo. Bhai aliifungua bahasha akiwa amesimama mlangoni, akasoma, akakaa chini polepole.

"Nini? Amekubali?" aliuliza Mganda.

"Ameniandikia kama ofisi ya ardhi."

Mwalimu alikuwa ameandika kama boju alivyomwambia, kwa mwandiko mzuri uliolala upande mmoja. Boju alisema karatasi yao ameisikia. Nyumba ni ya marehemu mumewe na kodi ya ardhi imelipwa, stakabadhi anayo ndani ya chungu. Hashuki. Anajua ni nani aliyewatuma, ni yule mwanawe wa Dharan, na wamwambie stempu ya Qatar haithibitishi kitu, hata boju mwenyewe angeweza kuinunua. Na kama kweli wana mjukuu wake huko walikoandikia, wamwambie aandike mwenyewe, maana yule aliyeandika hajawahi kula kwake. Chini kabisa mwalimu aliongeza kwa niaba yake mwenyewe kwamba boju amenunua kufuli jipya, kubwa, na analala na ufunguo shingoni.

Kisha mmoja wa Wanepali akajifunika shuka, na shuka likaanza kutetemeka.

"Cheka tu," bhai alisema. "Mlima hauchekwi."

Thuldai aliisoma barua mara mbili. "Kwa kweli," alisema, "ni sifa. Amedhani imetoka ofisini."

"Thuldai, alikuwa hashuki. Sasa amefunga mlango!"

Ya pili bhai aliandika mwenyewe, siku ileile, amelala kifudifudi kitandani kama mtoto wa shule. *Timi* mwanzo hadi mwisho, na *ta* mahali alipofikia habari ya mbuzi wa boju. Thuldai aligeukia ukutani ili asione. Safari hii hatukuiamini posta. Kulikuwa na mlinzi mwenzetu wa zamu ya mchana, mtu wa kijiji cha jirani na kwa boju, aliyekuwa akienda likizo, akaichukua ndani ya soksi.

Siku mlinzi huyo alipopiga simu kutoka mji wa Dharan, tulikuwa tunakula. Simu ilikuwa ya Mganda. Bhai aliipokea na mkono wenye wali, akasikiliza, akasema "ha?" mara kadhaa, kila moja juu kuliko nyingine.

"Mwalimu ameipandisha," alisema alipokata.

"Ameipandisha wapi?"

"Juu! Kila nilipoandika 'timi' amesoma 'tapai'. Jamaa alikuwepo uani, alikuwa amesimama nyuma yake anaiona karatasi. Imeandikwa 'jhara', mwalimu anapiga kelele 'jharnus'! Imeandikwa 'ta', mwalimu anakohoa!"

"Amedanganya?" Mganda alikasirika.

"Hapana. Hajui kama amefanya. Mdomo wake umekataa tu." Bhai alisukuma sahani. "Boju amesema, afadhali hawa wa pili, lakini bado ni watu wa ofisi. Amemkaribisha jamaa chai na kumwambia awaambie wenzake wa ofisi kwamba kufuli ni la chuma."

Nilimwangalia bhai na kwa mara ya kwanza sikuona cha kucheka. Alikuwa anatazama kiyoyozi kinavyodondosha maji. Kwao mvua huanza mapema mwezi wa sita, na kalenda ya duka la fundi wa saa tuliiona wote kila tulipopanda ngazi.

Ni Thuldai aliyeanza kusema. Nilitegemea ajisifu. Lakini alikuwa amekaa wima, masharubu yamelegea.

"Mwalimu hana kosa," alisema. "Hata mimi nisingeweza. Usimame uani, watu wamejaa, umpigie kelele mama wa watu, 'ta'! Ulimi ungenikauka."

"Basi tumekwisha," bhai alisema.

"Huyo mwalimu," nikauliza, "anaogopa nini zaidi ya kumkosea bibi kizee?"

Lilikuwa swali la kipumbavu tu. Lakini Thuldai alivaa miwani. Akaanza kutabasamu kidogo kidogo, upande mmoja, kama mtu anayekumbuka meza yake nje ya ofisi ya ardhi.

"Mwalimu wa serikali?" alisema. "Anaogopa barua iliyoandikwa vizuri."

*

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Ziliandikwa karatasi mbili, watu wawili wameelekeana kwenye mkeka mmoja.

Thuldai aliandika ombi rasmi kwa mwalimu. Yote aliyokuwa nayo aliyamwaga mle. Mwalimu mtukufu, taa ya bonde, aliombwa aridhie kutega sikio. Alijulishwa kwamba barua iliyoambatanishwa lazima isomwe kama ilivyo, neno kwa neno, mkia kwa mkia, bila kupandisha wala kukohoa. Kwamba maisha ya mtu yanategemea hilo. Na kwamba dhambi yoyote itakayotokana na kumtamkia mzee maneno hayo haitamgusa msomaji, bali itakaa juu ya kichwa cha mwandishi wa ombi. Kila kitendo cha mwalimu, kusoma, kusimama, hata kuvuta pumzi, kilipewa mkia wa ikulu.

"Na hiyo dhambi unaichukua kweli?" nilimuuliza.

"Nani mwingine yupo?" alisema Thuldai, akatia saini.

Bhai naye aliandika kwa lugha ya chini kuliko aliyowahi kuiandika maishani. Alishuka hadi sakafuni na kubaki hukohuko. Nilimwomba anisomee, akanisomea huku masikio yamekuwa mekundu. *Ta boju. Wewe kikongwe mkaidi. Ni mimi, uliyenichapa na bua la mahindi nilipokunywa maziwa ya jirani na kusema ni paka. Shuka. Jhar. Huko chini utanifokea mimi, utamfokea baba mkubwa, utamfokea mkewe, watu wa kufokea wako tele. Mbuzi shuka naye. Mlima ukikuangukia, mimi nikirudi nitagombana na nani?*

"Hiyo ndiyo," Mganda alisema, akapenga kamasi.

Thuldai alikuwa amejitia vidole masikioni, lakini niliona kwamba havikuziba.

Tulikwenda wanne, mimi, bhai, Thuldai na Mganda, kwenye duka la vifaa vya ofisi, mtaa wa pili, palipokuwa na faksi. Mwenye duka, Mhindi mwenye subira, alizitia karatasi zile kwenye mashine moja moja, tukazitazama zikipita kama watu wanaosindikiza maiti. Upande wa pili, kwenye duka la simu Dharan, yule mwenzetu wa likizo alikuwa anazisubiri. Alizikunja, akapanda basi, kisha akapanda mlima.

Kilichotokea huko tulihadithiwa na yeye, kwanza kwa simu, na baadaye kwa miezi mingi chumbani kila tulipomwomba arudie.

Alimkuta mwalimu uani, watu wamekaa, boju mbele kabisa na fimbo yake. Mwalimu alisoma kwanza ombi la Thuldai kimya kimya. Alilisoma tena. Akaingia ndani, akanawa uso, akatoka amevaa kofia yake ya shughuli. Akasimama mbele ya boju, akajaza kifua, akapiga kelele, "TA BOJU!"

Ua mzima ulishtuka. Mtu mmoja alimwaga chai.

"WEWE KIKONGWE MKAIDI!"

Boju alimchapa fimbo ya muundi. "Unamtukana nani, wewe?"

"Boju, ninasoma! Nimeambiwa nisome!"

"Umeambiwa na nani?"

Mwalimu alitazama karatasi. Jasho lilikuwa linamtoka. "Na yule uliyemchapa na bua la mahindi alipokunywa maziwa na kusema ni paka," alisema, kwa sauti ndogo.

Boju alishusha fimbo.

"Rudia."

Akarudia, kwa sauti kubwa.

"Alikuwa ni yeye," boju aliwaambia majirani. "Paka gani anafunika chungu? Endelea."

Mwalimu akaendelea, na tangu hapo haikuwa tena kusoma barua, ikawa ugomvi. Mwalimu akipiga kelele "Jhar!", boju anamjibu, "Usinipigie kelele, mimi siyo kiziwi!" Mwalimu akisema baba mkubwa, boju anaeleza alivyo bahili mwanawe huyo tangu utotoni. Mwalimu akitaja mbuzi, boju anamuuliza atalala wapi mbuzi huko mjini, na mwalimu wa watu anageuza karatasi nyuma na mbele kutafuta jibu. Ilipofika ile ya kugombana na nani, sauti ya mwalimu ilikatika. Boju alikuwa ameshajifuta macho kwa ncha ya shali, akasema kwa hasira, "Sasa analialia nini huyu? Mwambieni nashuka. Akae kimya."

*

Alishuka kabla ya mvua. Alishuka na mbuzi, na chungu chenye stakabadhi, na mlango. Ndiyo, mlango. Aliung'oa na bawaba zake na kufuli lake, akamkodi mchukuzi akaubeba mgongoni siku nzima mpaka barabarani, ili mtu wa ofisi ya ardhi asipate pa kugonga. Mvua ya mwaka ule ilichukua choo, ghala la mahindi na nusu ya ua. Nyumba yenyewe ilibaki imesimama, wazi kama mdomo, na boju hakumwacha bhai asahau. Kila barua iliyotoka Dharan ilianza na habari kwamba nyumba bado imesimama.

Mwalimu naye alimwandikia Thuldai. Barua ilikuwa fupi. Aliomba nakala ya maneno yale ya kufungulia ombi, kwa kuwa alikuwa na shida na mkaguzi wa shule. Thuldai aliibandika juu ya kitanda chake, na ilipoanza kuwa ya manjano aliifunika na nailoni.

Baadaye nchi yao iliacha kuwa na mfalme. Nilimuuliza Thuldai zile *baksyos* zitakwenda wapi sasa. "Zitarudi nyumbani kwangu," alisema, "kama mke wangu ataziruhusu."

Mimi sikukaa sana. Miguu yangu haijawahi kukubali sehemu moja. Nilirudi Kenya, nikaenda Kampala kwa muda nikilinda hoteli, nikakumbuka joto la Doha bila sababu yoyote ya maana, nikarudi. Chumba cha Najma kilikuwa kimegeuzwa stoo ya viatu. Fundi wa saa alikuwepo. Lusail palikuwa na majumba ya vioo mahali nilipowahi kumnyooshea mzee biskuti. Bhai nilimpata Al Wukair, dereva wa familia moja, amenenepa, ana simu kubwa yenye kioo.

Tulikuwa tumekaa nje ya mkahawa Ijumaa mchana alipompigia boju. Nilidhani anatania. Alikuwa hai, mdogo kama mtoto, amefungwa shali, na nyuma yake ukutani niliuona mlango uliosimama peke yake umeegemezwa, kufuli likiwa bado limening'inia. Bhai akampigia kelele kitu fulani, kisha akanigeuzia simu.

"Msalimie, dai! Anakujua. Yule wa kha."

Nilipatwa na woga ambao sikuutarajia. Miaka yote ile nilikuwa nimejifunza. Nilijua vitanda vyote mpaka dari. Nikaona huyu ni mzee, ni mama wa watu, na mimi sijawahi kula kwake. Kwa hiyo nikainamisha kichwa mbele ya simu, nikamkaribisha chai yangu kwa adabu zote, polepole: "Boju, khanus."

Alisogeza uso wake mpaka kioo kikajaa jicho moja. Akamuuliza bhai kitu. Bhai alianza kucheka, akashindwa kutafsiri, akapiga meza.

"Anasema nini?"

"Anauliza, huyu ametoka ofisi ya ardhi?"

Basi nikainua kikombe, nikamsogezea, nikapiga kelele mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. "Kha, boju! Kha!"

Alicheka bila jino hata moja. Halafu akaniuliza swali fupi, neno moja tu, la sakafuni kabisa. "Khais?" Hilo sikuhitaji kutafsiriwa. Umekula, wewe?

Nikamwambia bado. Akaanza kunifokea.